Waombaji wanangoja tangu Februari na kila tarehe tuliyowapa imepita. Nawaandikiaje safari hii?

AfisaAjira_Kati (mwanzisha uzi), Jumatatu 12 Mei, saa 3 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kuajiri, na zaidi ya wale waliowahi kukaa upande wa pili wakisubiri.

Nashughulikia ajira kwenye kampuni inayouza na kufunga pampu za maji za sola. Tulitangaza nafasi 9 za wasimamizi wa vituo mikoa ya Dodoma, Singida na Tabora. Usaili wa mwisho ulifanyika mwishoni mwa Februari, watu 22, na wote tuliwaambia majibu yatatoka ndani ya wiki mbili. Mjumbe mmoja wa jopo akasafiri na alama zake, hazikujumlishwa kwa wakati. Tukawaandikia kwamba ni mwisho wa Machi. Machi makao makuu wakataka ngazi ya mshahara ipitiwe upya. Tukaandika tena, baada ya Pasaka. Pasaka imepita, na sasa fedha za nafasi zenyewe zinasubiri bodi, ambayo inakaa Alhamisi tarehe 29 Mei.

Simu napigiwa kila siku na siwalaumu. Kuna kijana Manyoni kodi ya chumba chake inaisha, anauliza alipe miezi sita mingine au aachie. Kuna mama anataka kujua kama amwandikishe mtoto shule Tabora muhula wa Julai. Haya si maswali ya kujibiwa "vuta subira".

Bosi ameniambia niandae ujumbe wa kuomba radhi na ratiba mpya. Rasimu yangu hii:

"Ndugu mwombaji, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza kutokana na mchakato wa ajira kuchukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Mchakato upo hatua za mwisho na mtajulishwa hivi karibuni. Tunatarajia waliofaulu waanze kazi tarehe 1 Julai. Asanteni kwa uvumilivu wenu."

Sijaridhika nayo lakini sioni vizuri kasoro iko wapi. Karibuni.

---

KijanaWaIpuli, saa 3:40 asubuhi

Mkuu, kwanza heshima kwako kwa kuuliza. Mimi ni msubiriji wa muda mrefu, si kwenu, ni kwingine. Nikipokea ujumbe kama huo wako naufuta.

"Usumbufu wowote uliojitokeza" maana yake hamjui kama umejitokeza. Umejitokeza. Mlisema wiki mbili, mkasema mwisho wa Machi, mkasema baada ya Pasaka. Zitaje zote tatu kwa majina. Mtu akiona umezikumbuka tarehe ulizomvunjia, hapo anakaa chini na kusoma kilichobaki.

Na "hivi karibuni" ifute kabisa. Nipe siku ya wiki na tarehe.

---

SheriaMkononi, saa 4:05 asubuhi

Wadau, mbona mnabembelezana? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi, siku 28. Mwajiri asipotoa majibu ndani ya siku 28 mwombaji anaenda CMA anafungua shauri. Mwanzisha uzi, mmeshapitisha siku zaidi ya 70. Shukuruni hawajawashtaki.

---

Mama Pili Urambo, saa 4:30 asubuhi

Samahani kama naingilia. Na sisi tuliofanya usaili kupitia Ajira Portal tarehe mpya ni lini? Mwanangu aliambiwa amefaulu ila nafasi zimejaa, jina liko kwenye kanzidata. Tunasubiri tu. Nawe afisa unaweza kutuangalizia?

---

AfisaAjira_Kati, saa 4:42 asubuhi

Mama Pili, shikamoo. Sisi ni kampuni binafsi mama, hatuna mlango kwenye Sekretarieti ya Ajira. Kijana aingie kwenye akaunti yake ya Ajira Portal aangalie hali ya maombi yake, na ahakikishe namba ya simu iliyomo ni ile anayoitumia sasa. Wanaochukuliwa kutoka kanzidata hutangazwa kwenye tovuti ya Sekretarieti pamoja na walioitwa kazini. Na aendelee kuomba nafasi nyingine, kuwa kwenye kanzidata hakumzuii.

SheriaMkononi, hiyo ya siku 28 imenishtua. Mwenye uhakika atusaidie.

---

Mzee wa Mafaili, saa 5:20 asubuhi

Nimeajiri watu kwa miaka mingi, viwandani na kwenye mashirika, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

SheriaMkononi, siku 28 zipo kweli kwenye sheria uliyoitaja, lakini si za mwajiri kujibu maombi. Ni notisi ya kuvunja mkataba kwa mtu anayelipwa kwa mwezi. Akiwa bado kwenye mwezi wake wa kwanza wa kazi, notisi ni siku 7. Mtu ambaye hajaajiriwa, kosa likiwa ni kucheleweshewa majibu tu, sheria hiyo haikumwekea siku. Ndiyo maana heshima ya tarehe inabaki mikononi mwa anayeajiri.

Lakini nakushukuru kwa kuzileta hizo 28, maana ndizo zinazovunja ratiba ya mwenzetu. Afisa, tarehe 1 Julai umeipata wapi?

---

AfisaAjira_Kati, saa 5:31 asubuhi

Ni mwanzo wa mwaka wa fedha. Bajeti ikipita inaanza tarehe 1 Julai, meneja akasema na watu waanze siku hiyo.

---

Mzee wa Mafaili, saa 6:10 mchana

Nilidhani hivyo. Hiyo ni tarehe ambayo fedha zinaruhusiwa kutumika. Tarehe ya mtu kufika kituoni na begi lake ni nyingine. Chukua karatasi tuihesabu pamoja, hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua jiulize maswali mawili: kalamu ya kusaini iko kwa nani, na mara ya mwisho hatua hii ilichukua muda gani kweli. Usiandike muda unaoutamani.

Bodi inakaa Alhamisi 29 Mei. Kwenu uamuzi wa bodi ukitoka hadi barua ya kibali ikufikie mezani huchukua muda gani?

---

AfisaAjira_Kati, saa 6:25 mchana

Mara ya mwisho siku sita za kazi. Kumbukumbu zinaandikwa, mwenyekiti anasaini, ndipo fedha wanatoa barua.

---

Mzee wa Mafaili, saa 7:15 mchana

Basi ni Ijumaa tarehe 6 Juni. Idd el-Hajj inaangukia wikiendi ile ile kwa kutegemea mwezi, kwa hiyo hesabu kwamba kazi ya kuandika barua za ofa inaanza Jumatatu tarehe 9. Barua 9 si nyingi, lakini kila moja ina kituo chake, mshahara wake na saini ya mkurugenzi. Ipe wiki nzima, hadi Ijumaa 13 Juni.

Aliyepokea ofa mpe siku tano za kazi kujibu. Usimpe mbili. Anatakiwa kuzungumza na mwenza wake kama watahamia Singida au la, na ukimbana atakubali kwa woga kisha aghairi mwezi unaofuata. Hiyo inatufikisha tarehe 20 Juni. Kupima afya na kusaini mkataba, wiki nyingine, Ijumaa 27 Juni.

Sasa zile 28. Mtu mwenye kazi, akisaini kwenu tarehe 27 ambayo ni Ijumaa, atapeleka notisi kwa mwajiri wake Jumatatu tarehe 30 Juni. Siku zake zinaisha 28 Julai. Mpe siku chache za kuhama. Ataripoti kituoni Jumatatu tarehe 4 Agosti, na hapo hakuna kilichoharibika njiani. Ukiwaambia 1 Julai utakuwa umevunja tarehe ya nne, na safari hii kosa halitakuwa la bodi.

Wale wasio na kazi wanaweza kuanza mapema zaidi, ni kweli. Ila kama mafunzo ya pampu mnafanya kwa pamoja, waambie wote tarehe moja.

---

KijanaWaIpuli, saa 7:40 mchana

Agosti! Nakiri ukiniambia Agosti nitaumia. Lakini nitajua nilipe kodi.

---

Fundi Mkuu Itigi, saa 8:05 mchana

Naomba niongezee lililonikuta mimi, kwa sababu linahusu hiyo notisi. Nilipigiwa simu na kampuni moja, nikaambiwa "umepita, jiandae, barua inakuja wiki ijayo". Nikafurahi, nikaandika barua ya kuacha kazi siku ile ile ili notisi ianze kuhesabika. Barua haikuja wiki ile, wala mwezi ule. Waliniambia bajeti imesimama. Kazi ya zamani ilishapewa mtu mwingine. Nilikaa nyumbani na watoto watatu, nikauza mashine yangu ya kuchomelea.

Yule aliyenipigia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananipa habari njema kabla haijawa habari. Kwa hiyo afisa, hata kama utasahau yote mengine, andika mstari mmoja: mtu asiache kazi mpaka awe na mkataba uliosainiwa na pande zote mbili.

---

Mzee wa Mafaili, saa 8:30 mchana

Pole sana fundi. Huo mstari uwe juu, usiwe chini kabisa. Na kwenye simu pia, afisa, wakikubana wakuulize "lakini mimi nimepita?", usiseme chochote kinachofanana na ndiyo. Mtu aliyesubiri miezi mitatu anasikia ndiyo hata kwenye kicheko.

Waeleze vilevile kwamba asome mkataba wake wa sasa. Siku 28 ni kiwango cha chini, mikataba mingine inadai zaidi, na mtu akigoma kufanya kazi ndani ya notisi mwajiri wake anaruhusiwa kukata fedha ya siku hizo kwenye malipo yake ya mwisho. Waulizeni sasa hivi kila mmoja notisi yake ni ya muda gani. Akisema miezi miwili, ratiba yake ni nyingine na mjue leo, msije mkajua Julai.

---

Dada_Rehema_TBR, saa 9:10 mchana

Mimi nipo kwenye kuajiri pia, upande wa hospitali. Nakubaliana na Mzee kuhusu hesabu, ila naona kuna wiki ambazo zinapotea bure. Kutoka leo hadi tarehe 29 Mei mnafanya nini? Mnakaa mnaangalia bodi? Wadhamini hamjawapigia, nina hakika.

---

AfisaAjira_Kati, saa 9:22 alasiri

Kweli, hatujawapigia. Utaratibu wetu wadhamini na uhakiki wa vyeti vinafuata baada ya kibali cha fedha.

---

Dada_Rehema_TBR, saa 9:50 alasiri

Hapo ndipo mngechelewa tena, maana kwenye hesabu ya Mzee sijaona siku za wadhamini. Kwenye kazi zangu hawa ndio wanaokula muda kuliko wote. Unatuma barua pepe kwa mkuu wa shule aliyestaafu, haisomi. Unapiga, namba imebadilika. Mdhamini wa tatu yuko safarini. Kwa watu 9 na akiba wao, wiki tatu zinaisha hivi hivi.

Fanyeni sasa. Kuwapigia wadhamini na kuhakiki vyeti, vya kidato cha nne Baraza la Mitihani na vya ufundi VETA, hakuhitaji bodi. Ila mambo mawili muyalinde. La kwanza, ombeni ridhaa ya mwombaji kwa maandishi kabla ya kumpigia mtu yeyote, na mwajiri wake wa sasa msimguse mpaka awe ameshapokea ofa na kuikubali. Nimeona mtu akinyimwa mkataba mpya kazini kwake kwa sababu bosi alipigiwa simu na waajiri waliokuwa hata hawajaamua. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, hili si suala la adabu peke yake.

La pili, msiwatume kupima afya kabla ya kibali. Wanalipa nauli, wengine wanalipia vipimo wenyewe, na bodi ikikataa hela yao haitarudi.

---

SheriaMkononi, saa 10:15 jioni

Nimekubali kurekebishwa kuhusu siku 28, asante Mzee. Lakini bado nasema wapeni waombaji sababu. Watu wazima hawa. Andika tu bajeti haijapitishwa.

---

AfisaAjira_Kati, saa 10:28 jioni

Bosi hataki neno bajeti. Anasema litasambaa kwamba kampuni imefilisika, na wale wazuri wataondoka.

---

Mzee wa Mafaili, saa 11:05 jioni

Bosi wako ana hoja kwenye nusu ya kwanza. Huna haja ya kumweleza mwombaji habari za ndani za fedha. Mwambie kile kinachoamua maisha yake: "Nafasi hizi zinasubiri kibali cha bodi, ambayo inakaa Alhamisi tarehe 29 Mei." Sentensi hiyo ni ya kweli na haina siri ya kampuni. Ikiwa hata hiyo haruhusu, mwulize anataka useme sababu gani, kwa sababu ukiacha pengo watalijaza wenyewe na watalijaza na rushwa. Watasema nafasi zinagawiwa ndugu.

Nusu ya pili sikubaliani naye. Watakaoondoka baada ya kusoma tarehe 4 Agosti wangeondoka tu, ila wangeondoka Julai ukiwa umeshaandika barua za ofa, na ungeanza upya na akiba waliopoa. Afadhali ujue idadi yao mwezi huu.

Na kuna jambo bado hamjaligusa. Bodi ikikataa je? Au ikiahirisha?

---

AfisaAjira_Kati, saa 11:20 jioni

Hilo nimekuwa nikiliogopa kulisema. Kikao kinachofuata ni Alhamisi tarehe 28 Agosti.

---

Mzee wa Mafaili, saa 11:48 jioni

Kati ya 29 Mei na 28 Agosti ni wiki 13 kamili. Sogeza kila kitu wiki 13, Jumatatu 4 Agosti inakuwa Jumatatu 3 Novemba. Ziandike zote mbili, na useme ipi inategemea nini. Ahadi zenu zile tatu zilivunjika kwa sababu kila mara mlitoa tarehe moja, ya mambo yakienda vizuri, kwenye hatua ambayo kalamu ilikuwa kwa mtu mwingine. Mjumbe wa jopo, makao makuu, sasa bodi.

Halafu wapeni tarehe moja ambayo iko mikononi mwako wewe mwenyewe: siku utakayowaandikia tena. Bodi inakaa Alhamisi, waambie Ijumaa tarehe 30 Mei kabla ya saa 11 jioni watapata ujumbe, hata kama ujumbe wenyewe ni "bodi haijaamua". Hiyo hakuna mtu wa kukuvunjia. Ukiitimiza, na wakati wa kuitimiza hata huna habari, wataanza kukuamini kwenye hizo nyingine.

---

Dada_Rehema_TBR, saa 12:10 jioni

Hapo kwenye kuandika tarehe mbili mimi nasita. Wangu waliposoma tarehe ya mbali ndiyo waliyoishika, wakanuna, wengine wakapokea kazi za vibarua mbali wakakosa simu. Ningeandika ya Agosti tu na kusema inaweza kubadilika.

---

KijanaWaIpuli, saa 12:25 jioni

Dada, kwa heshima, "inaweza kubadilika" ndiyo niliyoisoma mwaka mzima. Novemba ni mbaya lakini naweza kupanga nayo. Ukinificha Novemba halafu ikaja, nitakuwa nimekuamini bure.

---

AfisaAjira_Kati, Jumanne 13 Mei, saa 4 asubuhi

Wakuu nimekesha na hii. Bosi amekubali neno "kibali cha bodi". Nimeandika upya, naomba macho yenu kabla sijatuma:

"Ndugu (jina), mimi ni afisa ajira wa kampuni uliyofanya nayo usaili Februari kwa nafasi ya msimamizi wa kituo. Tulikuahidi majibu ndani ya wiki mbili, kisha mwisho wa Machi, kisha baada ya Pasaka. Hatukutimiza hata moja. Naomba radhi. Najua kuna mambo ya nyumbani na ya kazi uliyoyasimamisha ukitusubiri.

Nafasi hazijapata kibali cha bodi, na hakuna aliyechaguliwa rasmi hadi leo. Tafadhali usiache kazi uliyonayo, na usikatae kazi nyingine kwa ajili yetu, mpaka uwe na mkataba uliosainiwa.

Bodi inakaa Alhamisi 29 Mei. Ijumaa 30 Mei kabla ya saa 11 jioni nitakuandikia matokeo ya kikao, yawe yoyote. Bodi ikiridhia, barua za ofa zitatoka kati ya 9 na 13 Juni, mikataba itasainiwa hadi 27 Juni, na kazi itaanza Jumatatu 4 Agosti ili kila mtu amalize notisi anakotoka. Bodi ikiahirisha, kikao kinachofuata ni 28 Agosti na kazi haitaanza kabla ya Jumatatu 3 Novemba.

Tunaomba unijibu mambo matatu: kama bado unaihitaji nafasi, notisi yako ni ya muda gani, na kama unaturuhusu kuwasiliana na wadhamini wako sasa. Mwajiri wako wa sasa hatutamtafuta bila ruhusa yako. Ukiamua kujitoa, hutazuiwa kuomba kwetu siku nyingine.

Hatutozi fedha yoyote kwa hatua yoyote. Atakayekupigia kwa jina letu akitaka hela, nitumie namba yake."

---

Fundi Mkuu Itigi, saa 4:20 asubuhi

Hapo kwenye "usiache kazi" nimesoma mara mbili. Asante.

---

Mzee wa Mafaili, saa 4:55 asubuhi

Imekaa vizuri. Marekebisho madogo. Weka jina lako na namba ya simu ya ofisini chini, ujumbe wa kuomba radhi usio na mtu ni tangazo. Tuma mmoja mmoja, usiwatumie wote 22 kwa pamoja wakaonana majina. Na barua pepe peke yake haitoshi kwa watu wa vituo. Tuma na meseji fupi: "Tumekutumia barua pepe leo kuhusu ajira. Bodi 29 Mei, nitakuandikia 30 Mei. Usiache kazi yako." Asiyejibu hadi Ijumaa, mpigie.

Vile vile ukitaja Agosti 4, angalia wasije wakakuomba Nane Nane kuwa likizo wiki ya kwanza ya mafunzo. Ni Ijumaa ya wiki ile ile. Panga mafunzo ya siku nne.

---

AfisaAjira_Kati, Jumatatu 19 Mei, saa 5 asubuhi

Mrejesho. Nilituma Jumanne ile ile. Wamejibu 20, wawili nimewapata kwa simu. Wanne wamejitoa, na mmoja kati yao alikuwa kwenye tisa bora. Inauma, lakini alikuwa amepata kazi tangu Aprili na hakujua atuambieje. Watatu wana notisi zaidi ya siku 28, mmoja ni miezi miwili. Kijana wa Manyoni amelipa kodi ya miezi mitatu badala ya sita, mwenye nyumba kamkubalia.

Simu za kuulizia zimepungua sana. Wadhamini tumeanza. Dada Rehema alisema kweli, namba za watatu tayari hazipatikani.

---

AfisaAjira_Kati, Ijumaa 30 Mei, saa 10 jioni

Bodi imeridhia nafasi 7. Mbili za Tabora zimesogezwa hadi tarehe 28 Agosti, mpaka kituo cha pili kipate jengo. Nimeshawaandikia wote 18 waliobaki matokeo ya kikao, kabla ya saa 11 kama tulivyosema, kwamba saba zinaendelea kwa ratiba ile ile na mbili zimehamia Novemba.

Swali linalobaki ni hawa wawili, wa nane na wa tisa kwa alama. Jopo limeshawapanga. Niwaambie wazi kwamba wao ndio wanaofuata?

---

Dada_Rehema_TBR, saa 10:30 jioni

Usiwaambie. Ukimwambia mtu yeye ni wa kwanza kwenye akiba atakataa kazi nyingine hadi Agosti, na bodi bado inaweza kukataa. Waambie wapo kwenye akiba, basi.

---

Mzee wa Mafaili, saa 10:52 jioni

Mimi ningewaambia, kwa maandishi, na sentensi ile ile ya kutokataa kazi nyingine ikiwa juu. Wa nane anastahili kujua yeye si wa kumi na nane. Na kumbuka katika saba hao kuna atakayekataa ofa kati ya tarehe 9 na 20 Juni, wa nane huenda akaitwa mwezi ujao kwa kituo cha Singida. Mwulize leo kama Singida ataenda.

---

Dada_Rehema_TBR, saa 11:05 jioni

Kuhusu kumwuliza Singida nakubali. Kuhusu namba, bado hapana.

---

AfisaAjira_Kati, saa 11:20 jioni

Nimempigia wa nane sasa hivi. Nimemweleza kwamba yupo kwenye akiba, sikutaja namba, nikamwuliza kuhusu Singida. Amesema ataenda, ila notisi yake ni ile ya miezi miwili. Kwa hiyo hata akiitwa Juni, tarehe yake si 4 Agosti. Akisaini mwishoni mwa Juni ni mwanzoni mwa Septemba, na mafunzo ya pamoja yatakuwa yameisha. Naomba aliyewahi kumpokea mtu nje ya kundi la mafunzo anieleze alifanyaje.